Lalamiko Linaloenea Kwenye Meseji Moja

Mteja wa Dodoma ameona blenda kwenye ukurasa wa muuzaji wa Kariakoo. Tangazo linasema jagi ni la kioo. Anatuma shilingi 85,000 kwa simu, mzigo unapandishwa basi, na akifungua boksi anakuta jagi la plastiki. Hasira inampanda, na kidole kinataka kuandika "wewe tapeli".

Neno hilo linamharibia yeye mwenyewe. Muuzaji akishatukanwa, mazungumzo yanahama kwenye jagi na kuwa ya heshima, na mara nyingi namba ya mteja huishia kufungiwa. Vitisho ni vibaya zaidi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania inakataza kutumia ujumbe kumtisha au kumsumbua mtu, kwa hiyo mwenye haki anaweza kugeuka mshtakiwa.

Kabla ya kuandika chochote, apige picha ya skrini ya tangazo. Kama liliwekwa kwenye stori au stetasi, hutoweka baada ya saa 24. Kisha atafute meseji ya malipo yenye namba ya muamala na jina la aliyepokea, maana jina hilo mara nyingi halifanani na jina la duka. Ndipo aandike:

"Habari dada. Blenda niliyolipia 85,000 tarehe 3 Juni imefika. Jagi ni la plastiki, tangazo lilisema kioo. Naomba jagi la kioo au fedha zangu ifikapo 12 Juni."

Ujumbe huu unaenea kwenye ukurasa mmoja wa meseji ya kawaida, ambao hubeba herufi 160. Ukitia emoji hata moja, nafasi hushuka hadi herufi 70 na ujumbe hukatwa vipande. Salamu ipo, lakini hakuna kubembeleza. Kuna bidhaa, kiasi, tarehe ya malipo, kasoro inayoonekana kwa macho, na ombi lenye siku ya mwisho. Anayeandika "mzigo wako mbovu, nifanyie mpango" anampa muuzaji nafasi ya kuuliza ubovu gani na mpango gani, na siku zinakwenda. Hata sheria ya mauzo ya bidhaa haishughuliki na hasira. Inachotazama ni kama kitu kilichouzwa kwa maelezo kinalingana na maelezo hayo. Ndiyo maana maneno "tangazo lilisema kioo" yana uzito kuliko malalamiko mengine yote.

Sasa tuje mahali ambapo watu wengi hupoteza haki yao. Muuzaji hajibu kwa maandishi, anapiga simu. "Jamani pole dada yangu, nitakutumia jingine wiki hii, wala usijali." Mteja anashukuru, anakata simu, moyo umetulia. Wiki ikipita, hana kitu mkononi. Nani alisema atalipia nauli ya kifurushi? La plastiki linarudi au linabaki? Kila mmoja atakumbuka lake.

Kwa hiyo simu ikikatika tu, iandikwe meseji ya pili:

"Asante kwa kunipigia. Tumekubaliana utatuma jagi la kioo kwa basi tarehe 11 Juni na nauli utalipa wewe. Nikilipokea nitakurudishia la plastiki. Ni sahihi?"

Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi. Muuzaji akijibu "sawa", neno hilo moja limeyashika yote yaliyo juu yake: kitu, tarehe, nauli, na nani anaanza. Akijibu "poa nitakucheki", hajakubali, na mteja aulize tena kwa upole. Akikaa kimya, meseji inabaki kuwa ushahidi wa kile mteja alichoelewa siku ileile, ingawa haina nguvu ya kukiri kwa muuzaji mwenyewe. Mimi napendelea meseji ya kawaida kwa hatua hii, kwa sababu kwenye WhatsApp aliyetuma jibu anaweza kulifuta kwa wote muda mfupi baadaye.

Picha ya skrini ya makubaliano ionyeshe namba ya simu na tarehe. Kama namba imehifadhiwa kwa jina la "Dada Blenda", picha haitamwambia mtu mwingine ni nani aliyeandika. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe kama huu kupokelewa kama ushahidi, lakini uzito wake hupimwa kwa namna ulivyotunzwa. Usifute meseji zenyewe ukabaki na picha tu.

Tarehe 11 ikipita bila jagi, mteja atume mstari mmoja unaotaja makubaliano na kudai fedha badala ya bidhaa. Jibu lisipopatikana, apeleke tangazo, muamala na meseji hizo Tume ya Ushindani. Na ukiwa wewe ndiye mteja huyo, usipandishe jagi la plastiki kwenye basi kabla la kioo halijafika, na ukilipandisha, piga picha risiti ya kifurushi na umtumie muuzaji siku hiyohiyo.