Utangulizi: Hati Moja, Mlango wa Sheria ya Ardhi

Wanafunzi wengi huingia katika sheria ya ardhi ya Tanzania kwa kukariri vifungu, kisha hushangaa wakikabidhiwa hati halisi na kuulizwa, "Hii inaruhusu nini?" Kitabu hiki kinaanzia kwenye swali hilo. Ili tulione likifanya kazi, nimetunga hadithi fupi. Wahusika wake ni wa kubuni, lakini sheria wanayokutana nayo ni ile inayotumika.

Mjane mmoja wa Morogoro alikwenda ofisi ya ardhi akiwa na bahasha ya kaki. Mumewe alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Shemeji yake alikuwa amekwishamwambia kwamba kiwanja ni cha ukoo, na tayari alikuwa na mnunuzi. Afisa ardhi, kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza, alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja uniambie kama nyumba hii ni yangu au si yangu."

"Tuisome kwanza hati, mama. Mengine itatwambia yenyewe."

Hati ilikuwa ya kiwanja cha mita za mraba 600, kwa jina la marehemu. Ilianza tarehe 1 Julai 2003, kwa muda wa miaka 33. Afisa akaweka kidole hapo. "Muda huu unakwisha tarehe 30 Juni 2036. Marehemu hakupewa udongo wa milele. Alipewa haki ya kukaa na kutumia."

Hapa ndipo penye msingi wa fani yetu. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ardhi ya umma, na Rais anaishika kwa dhamana ya wananchi wote. Mtu binafsi hupewa haki ya kumiliki kwa muda usiozidi miaka 99, kwa kodi na kwa masharti. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kutuambia thamani ya hati. Muda uliobaki una uzito wake: benki inayoombwa mkopo wa miaka 15 haitafurahia hati iliyobakiza miaka 12. Muda ukikaribia kwisha, mmiliki huomba upya, na ni vyema aombe mapema.

"Basi baba watoto alipokufa, hati nayo imekufa?" mjane aliuliza.

"Hapana, mama. Haki inaendelea mpaka muda wake uishe. Ila haijaja kwako yenyewe, wala haijaenda kwa shemeji."

Kisha afisa akageukia masharti. La kwanza lilikuwa kodi ya pango la ardhi, inayolipwa kila mwaka. Kifo hakifuti deni lake. Likilimbikizwa huzaa tozo na notisi, na mwishowe linaweza kuhatarisha haki yenyewe. Hakuna sharti la kuwa msimamizi wa mirathi ndipo ulilipe, kwa hiyo afisa alimshauri alipe na atunze risiti. La pili lilikuwa matumizi: makazi tu. Mjane alitaka kupangisha vyumba viwili na kufungua mgahawa barazani. Vyumba havikuwa na tatizo, maana mpangaji naye anakaa, na upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hauhitaji kusajiliwa. Alichotakiwa ni kuandika kila shilingi ya pango, kwa kuwa mpaka mirathi igawanywe, fedha hiyo ina wenyewe. Mgahawa ni habari nyingine. Huo ni biashara, na unahitaji kibali cha kubadili matumizi kabla ya jiko la kwanza kuwashwa.

"Na kuuza?"

"Kwa sasa, mama, hakuna anayeweza kuuza. Wewe huwezi, shemeji hawezi. Aliyeandikwa humu ni marehemu."

Msomaji ashike jibu hilo, kwa sababu ndipo familia nyingi zinapoumia. Mnunuzi anamlipa ndugu aliyeshika bahasha, wanaandikiana mbele ya mashahidi, kisha karatasi ile inakwama kwa Msajili wa Hati. Ipo njia ya kuligundua tatizo hilo mapema: kuomba upekuzi rasmi katika daftari la msajili. Upekuzi utaonyesha nani amesajiliwa, kama kuna rehani, na kama kuna pingamizi. Anayedai maslahi katika kiwanja, kama mjane wetu, anaweza kuweka pingamizi lake mwenyewe, ili hati isihamishwe nyuma ya mgongo wake wakati mirathi haijaisha.

Njia ya kuhamisha jina ina hatua tatu, na mpangilio wake haugeuzwi. Kwanza, mahakama yenye mamlaka humteua msimamizi wa mirathi, baada ya ombi kutangazwa na wenye kupinga kusikilizwa. Kwa mirathi inayofuata sheria ya kimila au ya Kiislamu, wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo, wakiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Pili, msimamizi hupeleka uteuzi huo kwa Msajili, na chini ya kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi husajiliwa mahali pa marehemu. Wengi hukosea katika hatua hii. Msimamizi akiona jina lake limeandikwa hudhani amekuwa mwenye mali, kumbe ameandikwa kwa niaba ya warithi na atadaiwa hesabu. Tatu, baada ya mgawanyo, yeye ndiye anayehamisha haki kwenda kwa mrithi anayestahili. Hapo tu ndipo mjane, akipewa nyumba, anakuwa mmiliki kwa jina lake.

Lakini je, anasubiri kurithi nyumba yote? Afisa alimwonyesha jambo ambalo shemeji hakulitaja. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinadhania kwamba ardhi iliyopatikana ili wanandoa waikae na kuitumia pamoja ni ya wote kwa hisa, isipokuwa hati iseme wazi kwamba mmoja anaichukua kwa jina lake pekee, au kwamba wanaimiliki kwa pamoja bila hisa. Pia kinamtambua mwenzi aliyechangia kwa jasho lake kuitunza na kuiendeleza. Jina la mume kuandikwa peke yake si sawa na maneno hayo ya wazi. Kwa hiyo mjane anaweza kudai kwamba sehemu ya kiwanja haikuwa ya marehemu tangu mwanzo, na kwamba mirathi inahusu sehemu iliyobaki tu.

"Kwa hiyo nimeshinda?"

"Hilo si la kwangu, mama. Mimi nakusomea hati. Nani arithi na kwa fungu gani, huamua mahakama. Lete risiti za mabati, na majirani waliokuona ukijenga."

Jibu la afisa linaonyesha mipaka ya fani hii. Hati inaeleza haki iliyotolewa na Serikali. Haielezi ndoa, ukoo wala dini. Hayo yana sheria zake, na mara nyingine zinavutana: Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 inambana mjane, ilhali Sheria ya Ardhi inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Sura zinazofuata zitapita katika mvutano huo kesi kwa kesi.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, chukua hati yoyote ya ardhi iliyo nyumbani kwenu. Soma jina, tarehe ya kuanza, muda, kisha masharti, kwa mpangilio huo. Kama aliyeandikwa amekwisha kufariki na jina halijabadilishwa, usiruhusu mtu yeyote apokee fedha za kiwanja hicho mpaka mahakama imteue msimamizi.