Sakafuni Ndiko Funza Anakolelewa

Mtoto anayetembelea visigino, vidole vya mbele kavinyanyua, mara nyingi ana funza. Mwite, mkalishe kwenye mwanga, umtazame pembezoni mwa kucha, katikati ya vidole na kisiginoni. Utaona duara jeupe lililovimba, ukubwa wa punje ya mtama au hata ya dengu, na katikati yake nukta nyeusi. Nukta hiyo ni sehemu ya nyuma ya mdudu. Mwili wake wote uko ndani ya ngozi, kichwa kikinyonya damu.

Funza, ambaye wengine humwita tekenya, ni kiroboto mdogo wa urefu wa milimita moja hivi. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa ameshafika pwani ya Afrika Mashariki. Dume na jike wote hunyonya damu, lakini anayejichimbia ni jike. Akishaingia, tumbo lake hujaa mayai na katika muda wa wiki moja au mbili huvimba hadi kufikia karibu sentimita moja. Kile kitundu cheusi hakifungi kamwe, kwa sababu ndicho anachopumulia, anachotolea kinyesi na anachoangushia mayai, moja moja, mpaka yapite mia. Baada ya wiki nne hadi sita tangu aingie hufa humo humo, na ngozi humtoa pole pole.

Kwa nini basi tusimchokoe kwa pini, kama tulivyozoea? Kwa sababu tumbo lililojaa hupasuka kirahisi. Kipande kikibaki ndani, kidonda huwaka zaidi na bakteria huingia. Tena pini moja, au mwiba wa mlimau, huzungushwa kwa watoto wote wa nyumba bila kuchemshwa, na damu ya mmoja humfikia mwingine pamoja na homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Kidonda cha namna hiyo ni mlango wa pepopunda pia, hasa kwa asiyekamilisha chanjo. Mafuta ya taa na dawa ya kuogeshea mifugo huunguza ngozi na kuongeza vidonda.

Njia iliyo bora hutumia kile kitundu. Mafuta mepesi sana ya dimetikoni hudondoshewa juu ya nukta nyeusi, yakapenya na kumziba pumzi. Katika utafiti mmoja uliofanywa Kenya kwa watoto, baada ya siku saba karibu funza 8 kati ya 10 waliopakwa dimetikoni walikuwa wamekufa, ilhali kwa miguu iliyolowekwa katika dawa ya zambarau, yaani potasiamu pamanganeti, walikuwa kama 4 kati ya 10. Aliyekufa haichokolewi ngozi kumtafuta. Hukauka na kubanduka mwenyewe. Tatizo ni kwamba dawa hiyo haipatikani kila zahanati.

Ukiona usaha, mguu umevimba na una joto, mtoto ana homa au ametoka mitoki kinenani, hayo si ya kutibiwa nyumbani. Bakteria wameshapanda, na anahitaji antibiotiki na kuangaliwa chanjo yake. Kucheleweshwa kumewaachia wengine vidole visivyo na kucha, na wengine wamepoteza kidole chenyewe.

Lakini tuseme mtoto ametibiwa leo, akarudi kulala kwenye mkeka juu ya sakafu ya udongo, nyumba ya makuti huko Kwale au Kilifi. Mayai yaliyodondoka usiku uliopita yataanguliwa baada ya siku chache. Mabuu yatakula uchafu uliomo vumbini, yajifungie kwenye vifuko, na baada ya wiki tatu hivi viroboto wapya watatoka pale pale anapolaza miguu. Viatu vya shuleni havimsaidii usiku. Ndiyo maana sakafu ya chumba cha kulala ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Saruji ndiyo dawa kubwa, lakini si kila mtu anaimudu. Udongo wa mfinyanzi uliokandikwa vizuri, ukazibwa kila ufa unapotokea, hupunguza vumbi ambamo mabuu huishi. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na fagio lifike chini ya kitanda na kwenye kona. Mbwa, paka, mbuzi na hasa nguruwe hubeba funza hao hao, kwa hiyo wasilale ndani, nao wakaguliwe kwato na makucha. Kila jioni miguu ioshwe kwa sabuni na kukaushwa katikati ya vidole, kisha ikaguliwe kwa tochi, kwani funza aliyeingia jana ni kidoa chekundu tu kinachowasha. Bibi au babu asiyeweza kuinama na kuona nyayo zake awe na mtu maalumu wa kumkagua, maana kwa wazee hao hupatikana funza makumi kwa makumi kwenye mguu mmoja.