Kalemie: Jinsi darasa la manjanja linavyoweza kupoa bila umeme

Katika miji iliyo kando ya ziwa Tanganyika, kama Kalemie na Uvira, darasa lenye paa la manjanja bila plafo huwa gumu kukaliwa kuanzia saa sita ya mchana. Mara nyingi watu hutaka kuongeza madirisha. Lakini mwanafunzi wa usanifu wa majengo anapaswa kwanza kujiuliza joto hilo linaingia kwa njia gani, kwani dirisha haliwezi kuzuia joto linalotoka juu ya kichwa.

Manjanja yaliyozeeka na kushika kutu hunyonya sehemu kubwa ya jua. Wakati wa mchana bati linaweza kufika nyuzi 60. Likifika hapo, upande wake wa chini hutuma mionzi ya joto moja kwa moja kwa watoto waliokaa chini yake, kama vile makaa yanavyomchoma mtu aliyekaa karibu hata kama upepo unapita kati yao. Upepo hupoza hewa, lakini hauzuii mionzi. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kivuli, na upepo hufuata.

Paa mbili badala ya moja

Mfano unaojulikana zaidi barani Afrika uko katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Shule ya msingi ya huko ilikamilika mwaka 2001. Ilichorwa na Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, wakati akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin. Ilipata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker.

Kule Gando, bati halikutupwa. Liliinuliwa juu kwa vyuma vyembamba, na chini yake kukawekwa dari ya matofali ya udongo yenye matundu. Jua linapiga bati, bati linawaka, lakini joto lake linaishia katika nafasi iliyo wazi kati ya bati na dari, ambako upepo unalibeba. Hewa ya moto ya darasani hupanda na kutoka kupitia matundu ya dari. Watoto wanaona dari iliyo kivulini, hawaoni bati la moto.

Kwa shule isiyo na pesa za vyuma, plafo ya mbao au ya matete inaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini kuna sharti moja: nafasi iliyo juu ya plafo iwe wazi pande zote mbili. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kupigilia plafo karibu sana na mabati, kisha kuziba miisho kwa matofali ili popo wasiingie. Hapo hewa ya moto inafungwa na plafo yenyewe inapata joto. Popo huzuiwa kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo, si kwa ukuta.

Hesabu ya kivuli

Baada ya paa huja kuta. Tuchukue darasa moja la Kalemie, mji ulio karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Ukingo wa paa uko mita 2,6 kutoka chini na umetokeza nje ya ukuta mita 1,2. Dirisha linaanza mita 1 na kuishia mita 2,2. Pale jua linapokuwa mbele kabisa ya ukuta, urefu wa kivuli hupatikana kwa kuzidisha upana huo wa mita 1,2 na tanjenti ya pembe ya jua.

Mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazini. Saa sita ya mchana liko kwenye pembe ya nyuzi 61 hivi, na kivuli kinashuka mita 2,1 chini ya ukingo. Dirisha la kaskazini limefunikwa lote. Hata saa tisa kivuli bado kinashuka mita 1,5 na zaidi, yaani hadi karibu na mwisho wa dirisha. Mwezi wa Desemba jua huhamia kusini na huwa juu zaidi, hivyo ukuta wa kusini una kazi rahisi.

Sasa geuza dirisha lilelile litazame magharibi, mwezi wa Machi au Septemba, saa kumi ya alasiri. Jua limeshuka hadi nyuzi 30. Kivuli kinashuka sentimita 69 tu, na dirisha linafunikwa sentimita 29 za juu. Ukijenga barza ya mita 2,5, kivuli kitafika karibu na mwisho wa dirisha saa kumi, lakini saa kumi na moja jua litapita chini ya barza pia. Kwa hiyo paa haliwezi kulinda mashariki na magharibi. Kuta hizo ziwe fupi na bila madirisha, au ziwe na matofali ya matundu, yale yanayoitwa klostra, au zipandiwe miti.

Upepo unatoka upande mwingine

Hapa Kalemie inaleta tatizo lake. Ziwa liko mashariki, na mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Jua linataka kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, lakini upepo huo utapita kandokando ya kuta hizo bila kuingia.

Si lazima kugeuza nyumba. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki unapiga ukuta wa kusini, kwa hiyo ukuta huo uwe mlango wa hewa. Mabawa ya madirisha yafunguke nje. Kusini bawa lishikwe na bawaba upande wa magharibi wa dirisha, ili likae kama mkono uliokinga upepo unaotoka mashariki na kuusukuma ndani. Kaskazini bawaba ziwe upande wa mashariki, ili nyuma ya bawa hewa ivutwe nje. Madirisha ya ukuta mmoja peke yake hayatoshi, kwani hewa isiyo na pa kutokea haiingii.

Matundu ya juu pekee nayo hayafanyi maajabu. Kwa tofauti ya joto ya nyuzi chache, hewa inayopanda yenyewe ni kidogo kuliko ile inayoletwa na upepo mdogo unaovuka chumba. Faida yake huonekana siku ambazo upepo umekufa.

Kuna pia mpaka ambao mchoro hauwezi kuuvuka: upepo haupozi darasa chini ya joto la nje. Nje kukiwa na nyuzi 31, ndani hakutakuwa na 25. Ila hewa inayotembea juu ya ngozi humfanya mtu ajisikie kama joto limepungua nyuzi mbili au tatu.

Kupima ni rahisi. Saa nane ya mchana, weka kipimajoto nje kivulini na kingine ndani, kwenye usawa wa kichwa cha mtoto aliyekaa. Tofauti ikiwa kubwa, hewa haitoki. Washa udi karibu na dirisha: moshi ukizunguka palepale, hakuna njia ya kutokea. Kisha inua kiganja kuelekea juu. Kama unasikia joto kwenye kiganja hata wakati upepo unapita, tatizo ni paa, na dirisha jipya halitalimaliza.

Plafo, wavu na bawaba vinaweza kurekebishwa baadaye. Upande ambao nyumba inatazama huamuliwa siku ya kupima msingi, na baada ya hapo haubadiliki tena.