Mshahara uliokwama kati ya meza mbili

Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2024, saa kumi za jioni, simu zilianza kulia moja baada ya nyingine kwenye kibaraza cha ofisi moja mtaani Himbi, hapa Goma. Ulikuwa ujumbe wa benki: mwezi umeingia. Walinzi, madereva na mama wa usafi walisoma kila mmoja ujumbe wake, wakarudisha simu mfukoni bila neno, maana pesa haitangazwi. Simu ya jirani yangu, dereva wa ofisi hiyo, ilikaa kimya. Aliizima na kuiwasha, akangoja hadi usiku. Asubuhi yake akaenda kwa kontable.

"Papa, mimi nimelipa," kontable alimjibu, akamwonyesha karatasi ya benki. Ilisema kwamba dola 6,240 zimetolewa kwenye akaunti ya ofisi kwa mishahara ya watu 14. Dereva akaenda benki, akapanga foleni nusu siku. Dada wa gishe akatazama kompyuta yake na kumwambia hakuna kilichoingia, arudi kwa mwajiri wake. Alizunguka hivyo kati ya meza hizo mbili kwa siku tatu, na kila meza ilisema kweli. Jumatatu jioni alikuja kwangu na daftari la mwanawe, akaniomba nimsaidie kuandika barua.

Nimewaandikia watu barua za namna hii kwa miaka kadhaa, na naona wengi wanakosea pale pale pa kwanza. Wanaeleza njaa. Kodi ya nyumba, karo ya watoto, mgonjwa aliye hospitalini. Yote ni kweli na yanauma, lakini anayeisoma barua hakatai kulipa kwa kukosa huruma. Anaogopa kulipa mara mbili. Kwenye vitabu vya kontable, mshahara wa Oktoba umeshatoka. Akitoa dola nyingine sandukuni leo, na zile za kwanza zikatokea wiki ijayo kwenye akaunti ya dereva, atazidai kwa nani? Barua inayomwondolea hofu hiyo ndiyo inayolipwa, na ndiyo tuliyokaa kuitengeneza.

Kwanza ilibidi tujue pesa ziko wapi. Wakati ule ofisi nyingi hapa mjini zilikuwa zikipeleka benki agizo moja lenye sahihi za wakubwa, likifuatana na orodha ya majina, namba za akaunti na kiasi cha kila mtu. Benki ilitoa jumla yote mara moja kwenye akaunti ya mwajiri, kisha iligawa mstari kwa mstari. Kwa hiyo ile karatasi ya kontable inathibitisha jumla tu. Haionyeshi kama mstari wa nane umefika kwa mtu wa nane.

Tena katika Kongo yetu watu wengi wana akaunti mbili katika benki moja, ya dola na ya faranga, na namba zake hufanana mno. Ndivyo alivyo dereva. Orodha ya ofisi ilikuwa na namba sahihi ya akaunti ya dola. Nilihakikisha kwa macho yangu, tarakimu moja moja, nikilinganisha na karatasi aliyopewa siku ya kufungua akaunti. Aliyeingiza orodha ile kwenye kompyuta ya benki ndiye aliyeweka namba ya akaunti ya faranga. Dola hazikukubaliwa huko, na hazikurudi kwa ofisi pia. Zilikaa kwenye akaunti ya ndani ya benki, ile inayowekewa malipo yasiyopata mwenyewe hadi mtu ayaulizie.

Sasa nani aulizie? Hapa ndipo watu wanapoumia. Dereva ni mteja wa benki kwa akaunti yake, lakini agizo la malipo si lake. Ni la ofisi, na benki haimjibu mtu mwingine kuhusu agizo hilo. Hata akipiga kelele gishe mpaka walinzi waje, hawezi kulisahihisha. Kwa upande wa sheria pia, deni la mshahara liko kati ya mfanyakazi na mwajiri. Kanuni ya Kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya 16 Oktoba 2002, inataka mshahara wa mwezi ulipwe si zaidi ya siku sita baada ya mwezi kwisha. Benki ni mjumbe wa mwajiri tu, na mjumbe akipotea njiani, deni halijalipwa. Ndiyo maana barua inakwenda kwa mkurugenzi, na kontable anapewa nakala.

Jumanne dereva alirudi benki, safari hii kuomba taarifa ya akaunti zake zote mbili, kuanzia tarehe 25 Oktoba hadi siku ile, zikiwa na muhuri. Alitaka kuleta ile ya dola peke yake. Nikamwambia alete zote, kwa sababu swali la kwanza la kontable litakuwa: je, haikuingia upande wa faranga? Kisha tukaandika. Barua za ofisi hapa kwetu huenda kwa Kifaransa, lakini tuliiandika kwanza kwa Kiswahili ili yeye mwenyewe aimiliki kila sentensi:

"Goma, tarehe 6 Novemba 2024.

Kwa Bwana Mkurugenzi. Nakala kwa Bwana Kontable.

Kuhusu: Mshahara wangu wa Oktoba 2024 usioingia kwa kosa la benki, ombi la kulipwa kwa mkono.

Bwana Mkurugenzi, kwa heshima nakujulisha kwamba mshahara wangu wa Oktoba 2024, dola 340 baada ya makato, haujanifikia hadi leo. Orodha ya ofisi ina namba yangu sahihi ya akaunti ya dola. Taarifa za akaunti zangu mbili, ya dola na ya faranga, nimeziambatanisha. Hakuna malipo ya ofisi yaliyoingia tangu tarehe 25 Oktoba.

Naomba ofisi iandikie benki ifute mstari wangu kwenye agizo la Oktoba na kurudisha dola 340 kwenye akaunti ya ofisi, si kwangu. Naomba pia nilipwe dola hizo 340 taslimu kabla ya tarehe 11 Novemba, nami nitatia sahihi risiti inayosema: mshahara wa Oktoba 2024, badala ya malipo ya benki yaliyoshindikana.

Ikiwa benki itaniingizia pesa hizo baadaye, ninaahidi kuijulisha ofisi siku hiyo hiyo na kuzirudisha zote. Ahadi hii ninaitilia sahihi."

Sentensi iliyomfungua mkurugenzi ni ile ya kufuta mstari. Mfanyakazi akiomba taslimu peke yake, anamwachia kontable mzigo wa kukisia benki itafanya nini kesho. Akiomba pia mlango wa benki ufungwe, pesa zinabaki na njia moja tu ya kurudi, nayo ni kwa ofisi. Ahadi ya mwisho ni kinga ya ziada, kwa sababu benki zetu ziliweza kuchukua wiki kadhaa kufuta, na mtu hawezi kula wiki.

Maneno ya risiti nayo tuliyapigania. Kontable, kwa nia njema kabisa, alikuwa amependekeza njia nyepesi: dereva achukue avansi. Nilimkataza dereva. Avansi ni deni. Novemba ikiingia, inakatwa. Kwenye vitabu Oktoba ingebaki imelipwa na benki, Novemba ingetoka pungufu, na mwakani akidai angeonyeshwa sahihi yake mwenyewe. Nimeona mama mmoja mwalimu akipoteza mwezi mzima kwa neno hilo moja. Dai la mshahara halikai milele: Kanuni ya Kazi inatoa mwaka 1 wa kuudai, tangu siku ulipopaswa kulipwa. Anayengoja kwa adabu bila karatasi anaweza kuamka dai limekwisha.

Ofisi iliuliza pia kama itume kwa simu. Inawezekana, na kwa wengi ni rahisi, ila lazima barua iseme laini imeandikishwa kwa jina la nani, na ada ya kutoa inabebwa na nani. Dola 340 zikitumwa bila ada, anayepokea ndiye anayepungukiwa, ingawa kosa si lake. Yeye alichagua taslimu.

Barua ilipelekwa kwa nakala mbili. Sekretari alibaki na moja. Ya pili akaigonga muhuri, akaandika tarehe na saa, akatia sahihi. Dereva aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole mpaka wino wa zambarau ulipokauka.

Jumatatu tarehe 11 aliitwa. Noti tatu za mia na mbili za ishirini. Alizihesabu mbele ya kontable, akainua kila moja kuelekea dirishani. Moja ya ishirini ilikuwa na mpasuko pembeni, mfupi kama punje ya mchele, akairudisha kwa upole: "Papa, hii Birere hawataipokea." Kila anayebadilisha pesa hapa anajua jambo hilo, na kontable aliibadilisha bila ubishi. Kulipwa kwa mkono si kamili hadi noti zenyewe ziwe zinapokelewa sokoni. Karibu na mwisho wa mwezi benki ilirudisha dola 340 kwenye akaunti ya ofisi, na kontable akaandika neno "imefungwa" kando ya mstari wa nane.

Miezi miwili baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, M23 waliingia Goma na benki zikafunga milango. Majirani watatu walikuja nyumbani kwangu mwezi Februari kuomba ile barua wainakili. Tulikaa chini tukajaribu. Mahali pa "kosa la benki" tuliweka "benki imefungwa", hilo lilikuwa jepesi. Lakini taarifa ya akaunti yenye muhuri haikuwa na mahali pa kuombwa tena, na wawili kati yao hawakujua mkurugenzi wao yuko mji gani. Wa tatu alikuwa na namba ya simu ya kontable wake, aliyekuwa amevuka kwenda Gisenyi. Tuliandika barua yake kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, akaipiga picha, akaituma. Chini, mahali pa muhuri wa kupokelewa, tuliandika: "Papa, ukiipata, nijibu kwa maandishi, utaje tarehe." Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, na tarehe ilikuwamo.