Google inakata maelezo ya bidhaa yako, na wakati mwingine inaweka yake. Kwa nini?

Wenzangu mnaouza kupitia tovuti, leo tuongelee kale kasehemu kanakoandikwa `Meta description` unapopandisha bidhaa. Ukijaza pale, ndiyo yale maneno mawili matatu yanayotokea chini ya jina la duka lako mtu akitafuta Google. Wengi wanajaza mara moja wanasahau, halafu wanashangaa mteja anaona kitu kingine kabisa.

Tuanze na urefu. Utasikia watu wanasema mwisho ni herufi 160. Ukweli ni kwamba Google hawajaweka kikomo cha herufi, unaweza kuandika hata 500. Kinachokatwa ni kile kinachoonekana, na kinakatwa kulingana na upana wa kioo. Kwa kawaida kwenye kompyuta inafika kama herufi 155 hivi, kwenye simu karibu 120, halafu zinakuja zile nukta tatu. Na kwa sababu ni upana, herufi hazilingani: "m" moja inakula nafasi ya "i" kadhaa. Ukiandika yote kwa herufi kubwa ndo unaishiwa mapema zaidi. Tena Google wanabadilisha wenyewe. Desemba 2017 waliruhusu maelezo marefu mpaka kama herufi 320, watu wakakimbilia kuandika upya maduka yao, Mei 2018 wakarudisha kule kule.

Sasa chukua mfano wa muuza mashuka aliyeandika hivi:

"Karibu sana dukani kwetu tunauza mashuka mazuri ya kila aina yenye ubora wa hali ya juu kwa bei nafuu kabisa, jumla na rejareja. Shuka 6x6 na foronya 4 ni Sh 35,000, tunatuma mikoa yote."

Hizo ni herufi 186 ukihesabu na nafasi. Bei inaanza kwenye ya 156. Mwenye simu anakatiwa kwenye "jumla na rejareja", hajui saizi, hajui bei. Na wateja wetu wengi wako kwenye simu. Ligeuze:

"Shuka za pamba 6x6 na foronya 4, Sh 35,000. Dar unapokea leo, mikoani tunatuma kwa basi. Rangi 7 na saizi 5x6 pia ipo."

Herufi 118. Hata ikikatwa mwishoni, kilichopotea ni kidogo. "Karibu sana" mwambie akishaingia.

Haya, sasa umeandika vizuri na bado Google inaonyesha maneno mengine. Hapo shida siyo urefu. Google inaangalia mtu ameandika nini. Akitafuta "shuka 6x6 bei", maelezo yako yanajibu, kuna uwezekano mkubwa yakatumika. Akitafuta "mashuka kutuma Mwanza siku ngapi", maelezo yako hayana Mwanza, kwa hiyo Google inaingia ndani ya ukurasa kuchukua sentensi inayojibu. Yaani ukurasa mmoja unaweza kuwa na maelezo tofauti kwa watu wawili, siku hiyo hiyo. Pia ukibandika maelezo yale yale kwenye bidhaa 40, au ukapanga tu "shuka, mashuka, duveti, foronya", inayaruka kirahisi kwa sababu hayaelezi ukurasa husika.

Kwa maoni yangu usipigane nayo. Mwandikie sentensi nzuri za kuokota. Ndani ya ukurasa weka maandishi ya kawaida kama "Mwanza mzigo unafika siku ya pili, kutuma ni Sh 8,000." Kama hayo yako kwenye picha ya tangazo tu, usitegemee yaokotwe.

Kuna maneno hutaki yaokotwe, mfano ofa iliyoisha. Yafunge hivi:

```html
<div data-nosnippet>Ofa ya Idd imeisha</div>
```

Mteja akifungua ukurasa anayaona, ila Google haiyaonyeshi kwenye matokeo.

Angalizo la bei. Ukibadilisha leo, Google haioni leo. Inasubiri mpaka ipite tena dukani kwako, siku kadhaa au hata wiki. Katikati hapo mteja anakuja na picha ya kioo inayosema 35,000 wakati umeshapandisha 38,000, na ugomvi unaanzia inbox. Bei yako ikiwa inayumba, andika saizi na muda wa kufika, bei iache ndani. Ukishabadilisha, ingia Search Console, bandika linki ya ukurasa kwenye `URL Inspection`, bonyeza `Request indexing`. Haimaanishi papo hapo, lakini umebisha hodi.

Kukagua, usitafute jina la duka lako tu. Fungua meseji za wateja, chukua maneno wanayouliza kweli, yatafute kwa simu, uone kinachotokea kwa kila swali.