Anayekupenda Kama Mafuriko: Jinsi ya Kupunguza Mwendo Bila Kujiweka Hatarini



Kuna swali ambalo sisi walimu wa kujitolea tunaulizwa kila mara baada ya masomo ya jioni, na wanaouliza si wasichana peke yao. Akina mama wanaolea watoto bila mume nao wanauliza. Mwanamume amekuja, na kwa wiki mbili tu amekupenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kukupenda. Sifa asubuhi, sifa jioni, zawadi, na ahadi ya ndoa kabla hajamjua hata mjomba wako. Je, hiyo ni bahati au ni mtego?

Wazungu wana jina la jambo hili, na kwa Kiswahili tunaweza kusema ni kumpiga mtu mabomu ya mapenzi. Jina lenyewe halikuanzia kwa wapenzi. Lilianza kusikika Marekani miaka ya 1970, katika kundi la dini la Sun Myung Moon. Mgeni akifika kwao alizungukwa na watu wa kumsifu, kumkumbatia na kumpa chakula, na hakuachwa peke yake. Ubaya haukuwa katika chakula wala sifa. Ubaya ni kwamba mgeni alikosa saa moja ya kukaa kimya na kujiuliza, hawa watu ni nani hasa? Baadaye waliosaidia wanawake wanaoteswa nyumbani waliona mwanzo ule ule katika ndoa nyingi zilizokuja kuwa za mateso. Mwaka 2023 waendesha mashtaka wa Uingereza waliliandika katika mwongozo wao kama mojawapo ya njia za mtu kumtawala mwenzake.

Hebu tutoe mfano. Tumeuchanganya kutoka mambo mengi tuliyosikia, ili mtu asitafutwe.

Dada mmoja ana miaka ishirini na miwili na mtoto mmoja. Anakaa kwa mama yake mdogo hapa Manibe na anauza mandazi kando ya njia. Siku ya kwanza anakuja kijana aliyevaa vizuri, ananunua mandazi yote na kukataa chenji. Siku ya tatu anamtumia vocha. Siku ya tano anamwambia, "Wewe si mwanamke wa kukaa juani, waliokuacha walikuwa vipofu." Siku ya nane anamletea simu mpya yenye laini ndani yake, ili ampate wakati wowote. Siku ya kumi na mbili anasema Mungu amemwonyesha kwamba huyu ndiye mke wake, na kwamba ana kesi ya kwenda Kanada, atamwandika humo pamoja na mtoto. Siku ya kumi na tano anasema kaka yake ana duka Kampala na basi linaondoka Arua Ijumaa usiku. Aje na karatasi zake za usajili. Mtoto abaki kwanza.

Dada akajibu kwa upole, "Nisubiri mpaka mwisho wa mwezi, nipate mgao kwanza."

Hapo ndipo tunataka msomaji asimame. Kwa siku mbili yule kijana hakupiga simu wala kujibu. Dada hakulala. Mtu aliyekuwa akipata meseji ishirini kwa siku, akipata sifuri anaumwa kama mwenye malaria. Siku ya tatu meseji zikarudi kwa mafungu, "nakufa bila wewe", halafu "unanichezea", halafu tena "nisamehe malkia wangu". Katika siku hizo tatu dada alifundishwa somo moja bila kuambiwa, kwamba akisema subiri, mapenzi yanakatika. Wengi huanza kuogopa kukataa kuanzia hapo, na woga huo ndio kamba atakayovutwa nayo baadaye.

Kwa hiyo sisi tunasema hivi. Usijaribu kumpima mtu kwa utamu wa maneno yake, maana mpenzi wa kweli na mdanganyifu wanaweza kusema maneno yale yale. Tena kuna watu wema tu wenye haraka, hasa sisi tuliokimbia vita na kupoteza watu, tunatamani kujenga nyumba tena upesi. Wapo wazee wetu waliooana baada ya wiki tatu na wakazeeka pamoja. Mpime kwa namna anavyopokea "subiri" ndogo. Mwambie leo sitakuja, nitakuja kesho kutwa. Mwenye nia njema atasikitika kidogo, pengine atanung'unika, lakini kesho kutwa utamkuta ni yule yule. Mwingine atakuadhibu kwa kunyamaza, atakukumbusha zawadi zake, atakulilia mpaka uone wewe ndiye mkosaji, au atafika mlangoni usiku bila kuitwa. Jaribu zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza mtu yeyote anaweza kukasirika.

Turudi kwenye mfano, maana una vitu vitatu vya kuangalia kwa karibu.

Cha kwanza ni ile laini. Iliandikishwa kwa jina la nani? Kama ni la kijana, basi pesa za simu utakazoweka humo si zako kwa jina, na siku akitaka ataenda kuifunga laini au kuirudisha kwake. Ukipewa simu, tumia laini yako mwenyewe uliyoandikisha kwa karatasi zako za ukimbizi. Na usimpe namba yako ya siri hata akisema wapendanao hawafichani.

Cha pili ni Kanada. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi na hakutolewi na mpenzi. UNHCR haitozi hata shilingi moja. Kuongeza mume au mke kwenye kesi kunapitia mahojiano na uthibitisho wa ndoa yenyewe, na kudanganya humo kunaweza kuharibu kesi ya familia nzima. Nafasi nazo zimekuwa chache, kwani Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Anayekuahidi ndege katika wiki ya pili anakuahidi kitu ambacho hakimo mfukoni mwake.

Cha tatu ni karatasi. Ukiondoka nazo na mtoto akabaki, mtoto anabaki bila kuonyesha yeye ni wa nani, na wewe uko mbali karibu kilomita 500, katika nyumba ya mtu ambaye ndugu yako hata mmoja hajui mlango wake. Nauli ya kurudi iko kwake. Karatasi ya familia ibaki nyumbani kwa mtu mzima unayemwamini. Wala usikubali kuhamishwa kwenye karatasi ya mtu mwingine kabla ya ndoa, maana kutoka tena kunataka safari nyingi kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu, na katikati ya hapo mgao unaweza kumfuata yeye.

Sasa, kupunguza mwendo kwenyewe. Watu wengi wanakosea hapa, wanafikiri ni kumwendea mtu na kumwambia usoni, "Nimejua wewe ni mdanganyifu." Usifanye hivyo. Kama si mdanganyifu umemuumiza bure, na kama ndiye, umemwonya ukiwa peke yako. Huna haja ya kumshinda kwa maneno. Unahitaji muda na macho ya watu.

Yule dada alimwambia mama yake mdogo kila kitu, hata zile zawadi alizokuwa ameficha. Mama mdogo hakupiga kelele, na hilo ndilo lililosaidia. Wakakubaliana jibu moja ambalo kijana angelisikia kwa wote wawili: kwetu mwanamke hasafiri kabla wazee hawajaonana, karibu Jumamosi saa nne mchana pamoja na mjomba wako au mzee yeyote wa kwenu. Kwa jibu hili anayesema subiri ni familia, na hasira haina mtu mmoja wa kumwangukia. Pia ni jibu la kweli, si uongo wa kutunga. Katika siku hizo dada alikutana naye pale kwenye mandazi tu, mchana, watu wakipita. Zawadi mpya alizikataa kwa kusema, "Zitakuja na wazee." Meseji hakuzifuta, hata zile mbaya.

Jumamosi hakuja. Alituma meseji kwamba familia hiyo ina tamaa, na kwamba anataka simu yake. Mama mdogo akaipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, kijana akaichukulia huko mbele ya watu wawili. Dada hakwenda. Alikuwa ameombwa waonane "mara ya mwisho tu, tuagane vizuri", jioni, mahali pa faragha. Tunawasihi sana, mkutano huo wa mwisho msiuende peke yenu. Mtu anayezoea kutawala huwa mkali zaidi pale anapoona anaachwa.

Kama alikuwa mchuuzi wa wasichana au kijana mwenye pupa na hasira, hatujui, na dada hahitaji kujua ili alale salama.

Wazazi, na ninyi mna sehemu yenu. Sabuni na sukari zikianza kuingia nyumbani bila kuulizwa zinatoka wapi, binti anaona ameshauzwa, na kusema hapana inakuwa kuwanyima wadogo zake chai. Binti aliye chini ya miaka 18 hana mchumba wa kuzungumza naye hata kidogo. Katiba ya Uganda inaruhusu ndoa kuanzia miaka 18, na kulala na mtoto ni kosa la jinai, mkimbizi au mwenyeji, hata wazazi wakikubaliana mahari. Na kwa walio wakubwa, ujue kwamba tangu Agosti 2015 Mahakama Kuu Kabisa ya Uganda ilisema kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Basi mzazi asimwambie binti avumilie kipigo kwa sababu ng'ombe wameshaliwa.

Kama mtu amekutisha, anakufuatafuata au anashikilia karatasi zako, usingoje mpaka akupige. Mwambie kiongozi wa wakimbizi wa eneo lako au mwenyekiti wa kijiji, na polisi uulizie kitengo cha familia na watoto. Peleka ile simu yenye meseji. Kwa jambo la mtoto piga 116, namba ya Sauti, haina malipo. Ukiogopa kwenda peke yako, njoo shuleni baada ya masomo ya jioni, mwalimu wa kike mmoja atafuatana nawe. Tunajua wengine watacheka kwamba walimu hawa wenyewe hawajaoa. Ni kweli, wengi wetu bado, tunasubiri wazee waonane.