Kitambulisho si anwani

Mwenye duka Majengo amuuliza mpangaji mpya anakaa wapi. "Bamburi, nyuma ya msikiti," ajibiwa, na maneno hayo yaandikwa kwenye mkataba. Kodi ikisimama miezi mitatu, barua ya ilani itapelekwa kwa nani?

Wengi huridhika na nakala ya kitambulisho. Kitambulisho huthibitisha jina na namba. Kata iliyoandikwa nyuma mara nyingi ni ya kwao asili. Mtu wa Msambweni aweza kuwa amelala Bamburi miaka kumi.

Omba bili ya maji au stima isiyozidi miezi mitatu, uangalie jina, ploti na tarehe. Ujumbe wa tokeni hautoshi, kwani huonyesha namba ya mita, si jina wala ploti. Bili ikiwa na jina la mwenye nyumba, basi omba mkataba wa nyumba anayoishi, kisha umpigie mwenye nyumba huyo.

Akija kwa jina la kampuni, itafute CR12 mwenyewe kupitia eCitizen. Yaonyesha wakurugenzi na ofisi iliyosajiliwa. Lakini ofisi hiyo yaweza kuwa ya wakili tu. Ilinganishe na leseni ya biashara ya kaunti, na zikitofautiana, nenda ukaone.

Mwisho, mkataba useme anwani gani itapokea ilani, na kwamba akihama atakuarifu kwa maandishi ndani ya siku saba. Hapo hatasema barua haikumfikia.